Ripoti ya zamu mistari mitano: nini kibaki, nini kikatwe?

#1 DadaWaZamu
Wakuu, habari za kazi. Wodi yetu ya wazazi imepewa agizo jipya: ripoti ya kukabidhiana zamu isizidi mistari mitano kwa mgonjwa, na iwe na yale tu ambayo nesi anayeingia lazima ayafanye. Agizo limetokana na kosa langu, kwa hiyo sina mdomo wa kulipinga, lakini sioni kama linatibu ugonjwa wenyewe.

Ilikuwa hivi. Kitanda 7, mama aliyefika na presha 170/115, kichwa kinamgonga, anaona maruweruwe. Saa 8 mchana akaanzishiwa magneziamu, 4 g kwenye mshipa na 10 g kwenye matako, tano huku tano huku. Saa 9 akaingia thieta akafanyiwa upasuaji, mtoto salama. Saa 12 jioni nikamchoma 5 g ya kuendeleza, tako la kulia. Saa 1 na nusu nikakabidhi. Ripoti yangu ya kitanda 7 ilijaza ukurasa mzima na robo: mimba ya ngapi, alifikaje, upasuaji ulichukua muda gani, mtoto kilo ngapi, nani alikuja kumtazama. Mwishoni kabisa: "Presha 150/100, magneziamu inaendelea, mkojo unatoka vizuri, aendelee na matibabu."

Saa 4 usiku mwenzangu akatazama mfuko wa mkojo, akakuta 330. Akapiga hesabu, saa nne mililita 330, hakuna shida, akachoma. Saa 6 usiku mama akiitwa anaitika kwa mbali, goti likigongwa halishtuki, pumzi 11 kwa dakika. Daktari akampa kalsiamu glukoneti 1 g polepole mshipani, wakakaa naye mpaka alfajiri. Alipona, alirudi nyumbani na mwanawe. Sasa kosa langu: wakati naondoka mfuko ulikuwa tayari na 280. Sikuumwaga wala sikuandika.

Nauliza, kwenye hiyo mistari mitano ningeandika nini? Maana najijua, ningeweza kuandika mitano na "mkojo unatoka vizuri" ukawa mmojawapo.

#2 Kiti_cha_Mbele
Naweka kiti. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mzee_wa_Chati
Dada, pole. Mimi nimekabidhi zamu tangu enzi za daftari la jalada gumu, na kosa lako ni la neno moja: "inaendelea". Nesi wa usiku hawezi kufanya "inaendelea". Anaweza kuchoma, kupima, kumwaga, kupiga simu, kuzuia. Nikisomea vijana ripoti nawaambia waweke kidole kwenye kila sentensi na kuuliza: usiku huu mtu atanyanyuka kitini kwa sababu ya sentensi hii? Kama hanyanyuki, inabaki kwenye faili.

Kitanda 7 ningeandika hivi:

"Magneziamu 5 g, tako la KUSHOTO, saa 4 usiku. Kabla ya kuchoma hesabu pumzi dakika nzima (16 au zaidi), gonga goti (lishtuke), soma mkojo wa saa nne (120 au zaidi). Kimoja kikikosekana usichome, mwite daktari wa zamu. Mfuko umemwagwa saa 1:30, ulikuwa na 280, sasa mtupu. Kalsiamu glukoneti ipo trei ya kitandani."

Kilo za mtoto na waliokuja kumtazama havimnyanyui mtu.

#4 Bwana_Dripu
Naunga mkono hoja ya Mzee. Ripoti ndefu ni kujificha. Niongezee sababu ya kuangalia mkojo: magneziamu inaharibu figo, ndiyo maana mkojo ukipungua unaacha. Goti nalo ni dalili ya mwisho kabisa, pumzi zikishuka ndipo goti linakufa. Kwa hiyo mstari wa goti ungeweza kukatwa, ukabakiza pumzi tu. Mistari minne!

#5 Nusu_Kaputi
@Bwana_Dripu hapo umechemka kaka, na umechemka mahali pabaya. Magneziamu haiharibu figo. Figo ndizo zinazoitoa mwilini. Mkojo ukipungua dawa haina pa kutokea, unachoma 5 g juu ya ile iliyobaki, inajazana kwenye damu. Na mpangilio wa dalili umeugeuza: goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata. Ukikata mstari wa goti umekata kengele ya kwanza, umebakiza ya mwisho.

Ila nina swali kwa mwenye uzi. Mama alipasuliwa saa 9, kwa ganzi ya mgongo au alilazwa usingizi? Kama ni ganzi ya mgongo, goti kwa saa kadhaa za mwanzo haliwezi kushtuka hata kama magneziamu iko sawa kabisa. Sisi tunaotoa ganzi huwa tunawaambia wodini gongeni kiwiko, mkono haujaguswa na ganzi.

#6 DadaWaZamu
@Nusu_Kaputi ni ganzi ya mgongo, na umenigusa penyewe. Mwenzangu wa usiku aliniambia saa 4 hakugonga goti kwa sababu alijua mama ana ganzi, akasema "si litakuwa limelala tu". Kumbe saa 1 usiku mama alishainua miguu yote miwili, mimi nilimwona. Hilo nalo sikuliandika.

#7 Bwana_Dripu
Nimekosolewa, nakubali. Ya figo nimejifunza leo. Ya goti nilisoma vibaya zamani nikaibeba hivyo hivyo miaka yote.

#8 Mwana_wa_Mgonjwa
Mimi si nesi, napita tu. Mama yangu alilazwa wiki tatu na kila zamu iliuliza upya: una sukari? unatumia dawa gani? lini ulikula? Sasa nyie mnataka kufupisha zaidi? Mbona nilidhani shida ni kwamba hamwambiani kitu?

#9 Kalamu_Nyekundu
@Mwana_wa_Mgonjwa pole ndugu, lakini hayo ni ya faili, yanaandikwa siku ya kwanza na yanakaa pale pale. Wanaouliza upya hawajafungua faili, au wanahakikisha kabla ya kutoa dawa, na hiyo ya pili ni haki yao kabisa. Hapa tunajadili karatasi ya saa 12 zijazo.

Na hapo ndipo ninapogombana na Mzee wa Chati. Kila alichoandika kwenye mistari yake kipo tayari kwenye chati ya dawa na chati ya maji. Ukikinakili mara ya pili umeongeza mahali pa kukosea. Nimeona tako la kushoto kwenye ripoti na la kulia kwenye chati, nesi akabaki anamuuliza mgonjwa anaumwa upande gani. Ripoti yangu mimi ingekuwa mstari mmoja: "Kitanda 7 yuko kwenye magneziamu, fungua chati kabla ya saa 4."

#10 Mkesha_Daima
@Kalamu_Nyekundu "fungua chati" ndiyo ile ile "aendelee na matibabu", imevaa shati jipya tu 😂

Sasa @Mzee_wa_Chati, shikamoo, lakini mistari yako ina tundu. Umeandika "soma mkojo wa saa nne" halafu ukamwaga mfuko saa 1:30. Saa nne za kabla ya dozi ya saa 4 usiku zinaanzia saa 12 jioni. Nesi wa usiku akikuta 90 kwenye mfuko, hizo ni za saa mbili na nusu. Saa moja na nusu ya kwanza iko wapi? Iko ndani ya zile 280, imechanganyika na mkojo wa tangu thieta. Hawezi kujua. Atasema 90 haifiki 120, atazuia dawa kwa mama mwenye hatari ya kupata degedege, kumbe labda mkojo uko sawa. Kuzuia nako kuna bei yake.

#11 Mzee_wa_Chati
Marahaba kijana. Umenikamata, na miaka yote hakuna aliyenikamata hapo. Inatakiwa iandikwe mfuko ulikuwa na ngapi saa 12, wakati wa sindano iliyopita. Mkojo uanzie kwenye sindano, usianzie kwenye zamu. Dada, saa 12 ulisoma ngapi?

#12 DadaWaZamu
Nimemuuliza aliyelisoma faili siku ile ya kikao. Saa 12 nilipochoma niliandika 250 kwenye chati ya maji, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa.

#13 Mkesha_Daima
Basi piga hesabu, utaumia. Saa 12 jioni 250, saa 1:30 usiku 280. Hizo ni 30 kwa saa moja na nusu, yaani 20 kwa saa. Kiwango ni 30 kwa saa. Mkojo ulikuwa umeshapungua ukiwa bado wewe uko zamu, na ndio huo huo ulioandikia "unatoka vizuri". Saa 4 usiku 330 kutoa 250 ni 80. Haifiki 120. Sindano haikupaswa kutoka kwenye trei.

Kwa hiyo namba ilikuwepo. Ilikuwa kwenye chati. @Kalamu_Nyekundu utasema "si nilisema fungua chati", na mimi nasema mbona ilikuwepo na haikumsaidia mtu.

#14 Kalamu_Nyekundu
Nasema hivyo hasa 😀 Angefungua chati angeona 250. Aliangalia mfuko.

#15 Kiti_cha_Mbele
Wote mnasema kitu kimoja kwa hasira tofauti.

#16 Saa_Mbili_Kamili
Mimi naleta kitu kingine mnachokipita. Mmeandika "saa 4" humu ndani mara kumi na hakuna aliyeshtuka. Wodini kwetu chati ya dawa ni ya saa 24, ripoti tunaandika kwa Kiswahili. Nesi mmoja aliandika "antibayotiki saa 2". Alikuwa na maana ya saa 2 usiku, 20:00. Aliyeingia alitoka kusoma chati, kichwa chake bado kiko kwenye saa 24, akasoma 02:00. Mtoto alipata dozi saa sita baadaye. Hakudhurika, lakini kwa magneziamu saa sita ni balaa. Tangu hapo kila muda naandika mara mbili: saa 4 usiku (22:00). Kwenye mistari mitano hicho hakikatwi.

#17 Bwana_Dripu
Hilo hata mimi limenikuta, sema langu ni aibu silisimulii.

#18 Saa_Mbili_Kamili
@Bwana_Dripu simulia bwana, humu hatujuani.

#19 Bwana_Dripu
Hapana kaka. Nina wake wawili wa kaka zangu humu ndani, ni manesi wote.

#20 Msomi_wa_Usiku
Nichangie kidogo. Kuna mfumo unaitwa I-PASS, ulipimwa kwenye hospitali 9 za watoto Marekani na Kanada, matokeo yalitoka 2014. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhiana haukuongezeka. Una sehemu tano: mgonjwa ana hali gani, muhtasari wake, kazi za kufanya, nini kinaweza kuharibika na ufanye nini kikiharibika, na mwisho anayepokea anarudia kwa maneno yake alichosikia. Sasa mistari mitano ya matroni wenu inafanana na hiyo. Mbona mnahangaika? Sehemu tano, mistari mitano, kwisha.

#21 Nusu_Kaputi
@Msomi_wa_Usiku taratibu. Ule utafiti ulikuwa wa madaktari walio mafunzoni, si wa manesi, na haukuwa karatasi tu. Walifundishwa, walisimamiwa wakati wanakabidhiana, walipewa mrejesho. Ukichukua karatasi ukaacha hayo mengine hujui umechukua kipande gani cha ile asilimia.

Halafu angalia ulichotaja mwenyewe: muhtasari wa mgonjwa umo. Agizo la dada linasema kazi TU. Kwa huyu mama, "ganzi ya mgongo saa 9, miguu imerudi saa 1" si kazi. Hakuna anayenyanyuka kitini kwa ajili yake. Kwa kidole cha Mzee ingekatwa. Lakini ndiyo sentensi ambayo ingemfanya mwenzake agonge goti na kulichukulia jibu kwa uzito. Naona mstari mmoja lazima ubaki wa "kwa nini".

#22 Mzee_wa_Chati
Nusu Kaputi, hiyo ningeigeuza kuwa kazi: "Goti LAZIMA lishtuke, ganzi imeisha saa 1." Sababu imo ndani ya kazi. Nikifungua mlango wa "kwa nini", kesho tutarudi kwenye ukurasa na robo.

#23 Nusu_Kaputi
Kwa mgonjwa huyu inawezekana. Kwa kila mgonjwa, sina hakika.

#24 Mama_Trei
Mimi niko wodi ya watu wazima na hofu yangu ni tofauti. Tulifanya mfumo wa kazi tu miezi kadhaa. Wenye kazi waliandikwa vizuri sana. Wasio na kazi waliandikwa "hana shida". Basi kulikuwa na mzee wa figo, jioni damu yake ilipelekwa maabara kupima potasiamu. Aliyetoka akaona yeye hana la kufanya, damu imeshakwenda, akaandika "hana shida, majibu yanasubiriwa". Majibu yalitoka mapema usiku, yakakaa dirishani maabara mpaka asubuhi. Daktari alikuwa ameagiza ikizidi 6 aitwe. Ilikuwa imezidi. Hakuitwa mtu, kwa sababu agizo lilibaki kichwani mwa aliyekwenda kulala.

Kusubiri ni kazi. Sasa tunaandika: "Saa 3 usiku (21:00) nenda maabara kachukue potasiamu. Ikizidi 6 mwite daktari hapo hapo. Kama haijatoka, rudi saa 4." Lakini sijui bado nifanye nini na wale wasio na chochote kweli. Ukiandika "hana shida" nesi hapiti kitandani kwake.

#25 Kiti_cha_Mbele
Mimi swali dogo: mistari mitano, ya karatasi ya upana gani? Matroni wetu alisema nusu ukurasa, watu wakaandika herufi za mchwa.

#26 Fundi_wa_Mizani
Nimesoma yote kimya. Naomba nivuruge kidogo. Mmejenga hesabu nzima juu ya 250, 280 na 330. Mifuko mingi ya mkojo ni ya lita mbili, mistari yake iko mbali mbali, plastiki inajikunja, mfuko ukining'inia upande unasoma kingine. Tofauti ya 30 kwenye mfuko wa lita mbili ni macho ya mtu. Dada aliona 280, mwenzake angeweza kuona 300, na jibu la Mkesha Daima lingekuwa lingine kabisa. Anayetaka kujua mililita 20 au 30 kwa saa amwage kwenye jagi la kupimia, au atumie mfuko wenye kikombe kidogo cha saa moja kama upo.

#27 Mkesha_Daima
@Fundi_wa_Mizani umeniharibia hesabu yangu nzuri. Lakini kweli.

#28 Mama_Trei
Kumwaga kila saa nako ni kufungua bomba kila saa, vijidudu vinapanda. Sisi tunabandika kipande cha plasta pembeni ya mfuko, tunachora mstari pale mkojo ulipofika na kuandika saa. Nesi anayeingia anaona kwa macho umepanda kiasi gani tangu sindano, hata kama namba si sahihi sana. Wakati wa kukabidhiana tunasimama kitandani wote wawili, mmoja anashika mfuko.

#29 Kalamu_Nyekundu
Hapo kwenye kusimama kitandani ndipo pangetosha. Wangesimama wawili mbele ya mfuko ule saa 1:30, wangeiona 280 hata bila karatasi.

#30 Mkesha_Daima
Na saa 4 usiku angeikumbuka? Akiwa na vitanda 22?

#31 Mwana_wa_Mgonjwa
Vitanda 22 nesi mmoja? Sikujua. Basi maswali yale nayasamehe.

#32 DadaWaZamu
Wakuu, ahsanteni. Jana nilikabidhi mama mwingine wa magneziamu, kitanda 3. Niliandika hivi, mkosoe:

"Magneziamu 5 g tako la KULIA saa 5 usiku (23:00). Sindano iliyopita saa 1 usiku (19:00), mkojo wakati huo: alama ya plasta. Usichome kama: pumzi chini ya 16, au goti halishtuki (ganzi imeisha saa 12 jioni), au mkojo chini ya 120 tangu alama, pima kwa jagi. Ukizuia, mwite daktari wa zamu. Kalsiamu kwenye trei."

Kisha nikamwomba mwenzangu anirudishie. Akasema, "Saa 5 nachoma kulia." Nikamuuliza, kama mkojo ni 100? Akasema, "Nachoma, hiyo si mbaya." Tulibishana pale pale mbele ya mgonjwa. Alikotoka walikuwa wanatumia 100 kwa saa nne, na pumzi 12 badala ya 16.

#33 Nusu_Kaputi
Zipo wodi za namna hiyo, si kwamba anabuni. Ndiyo maana kikomo kinaandikwa kwenye ripoti, na kiwe cha mwongozo wa wodi yenu. Mliishia wapi?

#34 DadaWaZamu
Tulimwita mkuu wa wodi, akasema 120 na 16. Saa 5 mkojo ulikuwa 170, kwa hiyo ubishi wetu haukuhitajika. Swali langu lililobaki ni la @Mama_Trei: hiyo plasta mnaibadilisha baada ya kila sindano, au mnachora mstari mpya juu ya ile ile? Maana ya kwetu asubuhi ilikuwa na mistari mitatu na saa moja tu.

#35 Mama_Trei
Ile ile, lakini kila mstari na saa yake. Hiyo yenu yenye saa moja, nani alichora hiyo mingine miwili?

#36 DadaWaZamu
Ndicho tunachotafuta.